Fidia ya ardhi iliyochukuliwa na barabara: wapi ushuru unaingia na wapi hauingii

Ami yangu alinipigia simu Ijumaa moja baada ya swala. Pesa zake za fidia zilikuwa zimeingia benki wiki mbili nyuma, kiwanja chake cha Kisauni kimeshavunjwa, na mtu mmoja msikitini amemwambia kwamba KRA ina haki yake katika pesa zile. Alikuwa amekasirika. "Mwanangu, mimi sikuuza. Wao ndio waliokuja kuchukua. Vipi nilipe ushuru wa kitu nilichonyang'anywa?" Aliyemsaidia kujaza fomu za madai, mtu anayejulikana mtaani kwa kazi hiyo, alimhakikishia tangu mwanzo kwamba pesa ya serikali haikatwi ushuru na serikali. Ami akaamini, na tayari alikuwa ameshaahidi sehemu kubwa ya pesa zile kwa fundi wa Mtwapa.

Nimekaa na makaratasi yake, nikaketi na mhasibu, na tangu hapo nimeulizwa swali lile lile na watu wa Likoni na wa Changamwe. Huku bara ya Mombasa hakuna upande ambao haujaguswa. Dongo Kundu imepita, sehemu yake ya kwanza kutoka Miritini ikafunguliwa 2018. Njia ya Mombasa kwenda Mariakani imepanuliwa ikigusa Changamwe na Jomvu. Barabara ya Mombasa, Mtwapa hadi Kilifi inapita Kisauni katikati ya nyumba za watu. Na Likoni bado wanasubiri daraja. Kwa hiyo naandika nilichokifahamu, ili asiyefikiwa bado ajue kabla pesa hazijaingia.

Jibu fupi kwa ami lilikuwa hili: ndiyo, ushuru unaweza kuingia, lakini hauingii katika pesa yote. Fidia inakuja kama hundi moja, ila ndani yake mna vitu vitatu au vinne tofauti, na kila kimoja sheria inakitazama kwa jicho lake. Aliye na karatasi inayovitenganisha yuko salama zaidi kuliko aliye na jumla peke yake.

Tuanze na pale pesa inapotoka. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, inasema serikali haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa manufaa ya umma, na lazima ilipe fidia ya haki, kamili na kwa haraka. Sheria ya Ardhi ya 2012 inaipa kazi hiyo Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Mamlaka ya barabara, mara nyingi KeNHA, ndiyo inayoomba ardhi na kutoa pesa, lakini Tume ndiyo inayotangaza katika Gazeti Rasmi, inayoitisha kikao cha kusikiza madai, na inayotoa barua ya tuzo. Ukisoma matangazo yale ya kikao utaona wanataka vitu hivi: dai lililoandikwa, nakala ya kitambulisho, nambari ya PIN, hati za umiliki na nambari ya akaunti. Watu wengi huiona PIN kama karatasi tu ya kukamilisha faili. Mimi nasema tangu siku ile malipo yako yana jina lako la ushuru juu yake.

Thamani hukadiriwa na wathamini, na kanuni za fidia za 2017 zinasema juu ya bei ya soko iongezwe asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu wa kuhamishwa. Kama ulikuwa na biashara pale, hasara yake inaweza kudaiwa pia. Na kama serikali imeingia ardhini kabla ya kulipa, sheria inataka iongeze riba kwa muda iliochelewa. Kwa hiyo katika tuzo moja unaweza kukuta ardhi, jengo, usumbufu, hasara ya biashara na riba.

Sasa ushuru wenyewe. Unaoguswa hapa kwanza ni ushuru wa faida ya mtaji, yaani ushuru wa faida mtu anayopata mali yake inapohamia kwa mwingine kwa bei kubwa kuliko ilivyomgharimu. Ulisimamishwa 1985, ukarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Swali la ami, kwamba yeye hakuuza, lina jibu ndani ya Jedwali la Nane la Sheria ya Ushuru wa Mapato. Jedwali lile halisemi kuuza peke yake. Linahesabu pia mali iliyopotea, iliyosalimishwa, au iliyotoweka mikononi mwa mtu, na linasema wazi kwamba thamani ya kuhamishwa ni pamoja na pesa zilizopokewa kama fidia ya kupotelewa na mali. Kwa hiyo hoja ya "mimi sikutaka" ni ya kweli na inauma, lakini haimtoi mtu katika ushuru.

Kuna mstari mmoja katika sheria ile ile ambao watu huusoma nusu na kufurahi. Unataja mali inayohamishwa kwa sababu ya agizo la serikali au kuchukuliwa kwa lazima, na unasema faida yake haihesabiwi. Mtu aliyemshauri ami aliwahi kumsomea mstari huo. Lakini ukiusoma mzima, unazungumzia makampuni yanayoundwa, yanayoungana, yanayovunjwa au kupangwa upya. Kuchukuliwa kwa lazima kumetajwa ndani ya mambo hayo ya kampuni. Familia ya Bombolulu iliyopoteza kiwanja si kampuni inayojipanga upya, na mwenye kuusimamisha mstari huo mbele ya KRA ajue anasimama juu ya mguu mmoja.

Kingine kinachotia uchungu ni hiki. Sheria inatoa nafuu kwa mali iliyoharibika ikiwa pesa ya fidia imetumika kuirudisha mali ile katika hali ile ile na mahali pale pale ndani ya muda uliowekwa. Nafuu hiyo inamfaa mtu ambaye duka lake limeungua. Mtu ambaye kiwanja chake sasa ni lami atajenga vipi mahali pale pale? India, kwa sheria yao ya fidia ya ardhi ya 2013, iliandika kifungu kizima kwamba tuzo ya ardhi iliyochukuliwa chini ya sheria hiyo haitozwi ushuru wa mapato wala ushuru wa stempu. Marekani humruhusu mtu kuahirisha ushuru akinunua mali nyingine ya aina hiyo ndani ya miaka iliyowekwa. Kwetu, katiba inasema fidia iwe kamili, kisha mkono mwingine unaweza kupunguza ukamilifu wake. Hilo ni la wabunge wetu wa Pwani, na sijamsikia hata mmoja akilisimamia.

Turudi kwa yaliyopo. Misamaha inayomfaa mtu wa kawaida huku kwetu ni miwili mikubwa.

Wa kwanza ni nyumba ya kuishi. Kama nyumba iliyochukuliwa ni makazi yako mwenyewe, na umeishi ndani yake mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia kuhamishwa, faida yake haitozwi ushuru wa faida ya mtaji. Huu ndio unaowaokoa wengi, na ndio unaohitaji ushahidi. Jirani yake ami, bibi mmoja mjane, alikuwa akiishi katika nyumba yake zaidi ya miaka 20. Alipoulizwa athibitishe, alitoa bili za umeme na maji kwa jina lake, na barua ya chifu. Yeye hakudaiwa kitu. Ami, kiwanja kimoja tu kando yake, hakuwa na bahati hiyo kwa sababu anaishi Majengo na nyumba ya Kisauni aliipangisha. Na wale wenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, chumba kimoja chako na vitano vya wapangaji, wasidhani wamepita bure. Kadiri sehemu kubwa ya nyumba inavyokuwa ya kukodisha, ndivyo jina la "makazi yangu" linavyodhoofika, na afisa atauliza.

Wa pili ni kima cha shilingi milioni 3. Ardhi inayohamishwa na mtu binafsi, ambayo thamani yake ya kuhamishwa haizidi milioni 3, haitozwi. Barabara mara nyingi haichukui kiwanja kizima. Inakata ukanda wa mbele tu, mita chache, na tuzo inakuwa milioni moja na nusu au mbili. Watu wa namna hiyo wengi wako chini ya kima, na wasitishwe na mtu.

Kuna msamaha wa tatu wa ardhi ya kilimo iliyo chini ya ekari 50, lakini hiyo iwe nje ya manispaa na miji iliyotangazwa. Shamba lako la Kwale ndani huko, ndiyo. Mnazi wako wa Likoni, hapana.

Sasa nieleze hesabu ya ami, nimezisawazisha tarakimu kidogo ili zishikike.

Kiwanja alikinunua 2009 kwa shilingi 1,200,000. Wakili na ushuru wa stempu wakati ule vilimgharimu 90,000. Akajenga nyumba kwa miaka mitatu, na kwa hesabu yake ya kichwa alitumia 2,300,000. Tuzo ya Tume ilikuja hivi: ardhi 4,000,000, jengo 2,600,000, usumbufu wa asilimia 15 juu ya hizo mbili, 990,000, na hasara ya duka dogo lililokuwa kwenye baraza, 180,000. Jumla 7,770,000.

Mtu aliyemtisha msikitini alichukua 7,770,000 akazidisha kwa asilimia 15, akapata zaidi ya milioni moja na laki moja. Si hivyo. Ushuru haupigwi juu ya fidia. Unapigwa juu ya faida. Chukua thamani ya ardhi na jengo, 6,600,000. Toa gharama alizoingia katika kudai, yaani wakili na mthamini wake mwenyewe, 150,000. Zinabaki 6,450,000. Kisha toa gharama ya mali: bei ya kununua, gharama za kununulia, na gharama za kuiboresha.

Hapo ndipo tulipokwama. Ami alitumia 2,300,000 kujenga, lakini risiti tulizozipata kwenye mkoba wa marehemu shangazi, mabati, saruji, mbao, mafundi waliotia sahihi, zilifika 1,500,000. Laki 8 nyingine hazina karatasi. Matofali ya fundi wa mtaani, mchanga wa lori, malipo ya mkononi. Kwa hiyo gharama tuliyoweza kuisimamia ni 1,200,000 na 90,000 na 1,500,000, jumla 2,790,000. Faida ni 3,660,000, na asilimia 15 yake ni 549,000. Lau risiti zote zingekuwapo, ushuru ungekuwa 429,000. Yaani makaratasi yaliyopotea yamemgharimu 120,000, ambayo ni nauli ya umra na chenji kidogo kwa msimu fulani.

Na zile 990,000 za usumbufu? Hapa ndipo hoja ilipo. Mhasibu wetu aliziacha nje, kwa sababu si bei ya mali. Ni pesa ya kubeba vyombo, kukodi nyumba ya muda, kuhangaika na shule za watoto. Afisa anaweza kusema kwamba nazo ni fidia ya kupotelewa na mali na kuziingiza. Zikiingia, ushuru unapanda hadi 697,500. Kinachomsaidia ami ni kwamba barua ya tuzo imezitaja kwa mstari wake peke yake, na kwamba alikuwa na risiti za lori na mkataba wa nyumba aliyokodi Kongowea. Kama barua yako ina tarakimu moja tu, rudi Tume uombe mchanganuo kabla hujalipwa. Ni haki yako kujua umelipwa nini, na baada ya malipo hakuna anayefungua faili lile kwa haraka.

Zile 180,000 za duka haziingii katika ushuru wa faida ya mtaji kabisa. Sheria inahesabu fidia ya kupoteza faida ya biashara kama mapato ya biashara ya mwaka uliyoipokea, kwa hiyo zinaandikwa katika marejesho ya mwaka ule pamoja na mauzo mengine. Na hapa kuna mtego ambao sikuufikiria mpaka mhasibu aliponionyesha. Ili kuthibitisha hasara, watu hupeleka Tume vitabu vya duka na mikataba ya wapangaji. Karatasi hizo hizo zinasema kwamba kwa miaka kadhaa ulikuwa ukipokea kodi ya nyumba ya elfu kadhaa kwa mwezi. Kama hukuwahi kuitangaza KRA, umejiandikia ushahidi kwa kalamu yako. Sisemi mtu asidai hasara yake. Nasema afanye akijua, na arekebishe marejesho yake kwanza.

Riba ya kucheleweshwa nayo ni mapato, si bei ya ardhi. Ipo asilimia yake ya ushuru na haina msamaha wa makazi. Kwa Mwislamu pana mas'ala mengine juu ya pesa ile, na hayo nawaachia masheikh. Ninachosema ni kwamba ikitajwa kando katika barua, utaweza kuitenga, kwa ushuru na kwa dini yako pia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa huku kwetu ni zito kuliko hesabu ya ami: ardhi ambayo hati yake bado ina jina la babu.

Nimeiona hii Likoni zaidi ya mara moja. Babu alifariki, wajukuu wanaishi juu ya ardhi, kila mtu anajua fungu lake, lakini hakuna aliyekwenda kwa Kadhi kuchukua mirathi wala ofisi ya ardhi kubadili jina. Tume haiwezi kumlipa marehemu. Inasubiri mwenye mamlaka ya kusimamia mirathi, na kama kuna ubishi, pesa huwekwa katika akaunti maalumu ya fidia mpaka watu wapatane. Hilo la kuchelewa wengi wanalijua. La ushuru hawalijui.

Tuseme ardhi peke yake ina thamani ya 7,200,000, na warithi ni ndugu wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Kwa mafungu ya Kiislamu, kila mwanamume ana sehemu mbili kati ya sita, yaani 2,400,000, na kila mwanamke sehemu moja, 1,200,000. Kama walishachukua mirathi na hati inaonyesha majina yao manne na fungu la kila mmoja, basi kila mmoja anahamisha fungu lake. Hakuna hata mmoja anayefika milioni 3. Hoja ya kutokulipa ushuru ipo na inasimama. Lakini kama hati bado ni ya babu, anayehamisha ni mirathi ya babu, ardhi moja ya 7,200,000, na kima cha milioni 3 kimevukwa mara moja. Msamaha wa mali ya marehemu inayouzwa kwa ajili ya kusimamia mirathi upo, lakini unataka mambo yakamilike ndani ya miaka 2 tangu kifo, isipokuwa muda umeongezwa. Babu aliyefariki 1994 ameshapitwa na muda huo mbali sana.

Na mirathi ina faida ya pili. Mali inapokujia kwa urithi au zawadi, hukununua, kwa hiyo kinachoshika nafasi ya bei ya kununua ni thamani ya soko ya wakati ilipohamia kwako. Ukiwa na ripoti ya mthamini ya wakati ule, gharama yako inapanda na faida inapungua. Aliyerithi mwaka 2019 akapata ripoti, kisha barabara ikaja 2024, faida yake ni ya miaka mitano tu. Asiye na ripoti atabishana na afisa juu ya bei ya ardhi ya miaka iliyopita, na ubishi huo kwa kawaida haushindwi na mwenye ardhi. Kuhamisha kutoka kwa msimamizi wa mirathi kwenda kwa mrithi kwenyewe hakutozwi ushuru huu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuogopa hatua hiyo.

Kuna na wale wa nyumba bila ardhi, ambao huku Kisauni, Likoni na Changamwe pengine ndio wengi kuliko wenye hati. Nyumba ni yako, ardhi ni ya tajiri unayemlipa kila mwezi au kila mwaka. Katiba inaruhusu fidia kwa aliyekaa kwa nia njema bila hati, na katika miradi ya barabara thamani ya jengo hulipwa kwa mwenye jengo na ya ardhi kwa mwenye ardhi. Kwa ushuru, mwenye nyumba ashike msamaha wa makazi, kwa sababu ule wa milioni 3 umeandikwa kwa ajili ya ardhi, na aliye na kuta tu atapata tabu kuuegemea. Muhimu asikubali jengo lake liandikwe katika tuzo ya mwenye ardhi kwa ahadi kwamba watagawana baadaye. Nimesikia pesa zikipotea hapo, na hata zisipopotea, mwenye ardhi ataonekana amepokea zote na ushuru utafuata jina lake, kisha atakukata wewe.

Kuhusu tarehe, kwa wale ambao ardhi yao ilichukuliwa zamani na pesa zimekuja juzi: sheria ya ardhi inasema ardhi inakuwa ya serikali pale inapoimiliki rasmi baada ya tuzo na ilani. Kama hilo lilifanyika kabla ya tarehe 1 Januari 2023, una msingi wa kusema kwamba asilimia yako ni 5, si 15, hata kama hundi ilichelewa. Kwa faida kama ya ami hiyo ni tofauti ya 549,000 na 183,000. Ihifadhi ile ilani ya kuchukuliwa ardhi kama unavyohifadhi cheti cha ndoa.

Kulipa kwenyewe hakuna anayekukumbusha. Ushuru huu ni wa mtu kujitangazia mwenyewe. Pesa ikiingia benki nzima nzima, watu hudhani imeshapita kwenye chujio. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, wakati wa kulipa ni pale unapopokea malipo kamili au mali inaposajiliwa kwa jina jipya, lolote litakalotangulia. Unaingia kwenye iTax kwa PIN yako, unakwenda sehemu ya `Payment Registration`, unachagua `Income Tax` kisha `Capital Gains Tax`, unajaza tarakimu zako, unapata nambari ya malipo na kulipa benki au kwa simu. Ukichelewa kuna adhabu ya asilimia 5 ya ushuru na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Sheria za fedha hubadilika kila Julai, kwa hiyo muulize mhasibu kima na asilimia za mwaka wako.

KRA wakikutumia tathmini usiyoikubali, una siku 30 za kuandika pingamizi lenye sababu na karatasi zake. Kamishna ana siku 60 za kujibu. Akikataa, una siku 30 nyingine za kwenda Baraza la Rufaa za Ushuru. Siku hizo zinahesabiwa kweli, na barua huja kwa barua pepe uliyoandika kwenye iTax, ambayo kwa wazee wengi ni ya kijana wa saibakafe aliyewafungulia akaunti. Ibadilisheni. Hilo ni jambo la dakika kumi.

La mwisho, ukinunua kiwanja kingine kwa pesa ya fidia, ushuru wa stempu unakungoja kama mnunuzi yeyote, asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 nje yake. Ami amenunua Mtwapa. Kwa kiwanja cha milioni 3 amelipa 120,000, na hakuna aliyemwambia atenge hizo mapema. Alilipa pia zile 549,000, baada ya kumpunguzia fundi kazi: nyumba itakuwa ya vyumba vitatu badala ya vitano. Safari hii ameanza kutia risiti zake kwenye boksi la viatu, na kila lori la mchanga likija anamtaka dereva aandike jina, tarehe na sahihi.